Betri ya mizunguko 412, diski ya saa 14: kisa cha EliteBook ya mtumba Kariakoo

Laptopu yenyewe ilikuwa HP EliteBook 840 G5: prosesa i5-8350U, RAM GB 8, SSD ya GB 256, kioo cha inchi 14. Bei ya kuanzia shilingi 720,000. Muuzaji, kijana mwenye duka dogo ghorofani Kariakoo, aliipamba kwa sifa tatu bila kupumua: imetoka Uingereza, haijawahi kufunguliwa, betri inakaa saa tano. Mnunuzi alikuwa mpwa wangu anayesoma chuo, na mimi niliitwa kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza hizi mashine. Nakiandika kisa hiki kwa sababu katika zile sifa tatu moja ilikuwa kweli, moja nusu kweli na moja uongo, na zote zilipimika palepale juu ya meza kabla hela haijatoka mfukoni.

Pembeni yake kulikuwa na 840 G3 kwa 480,000, na mpwa wangu macho yalikuwa huko. Nilimtoa kwa sababu moja tu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa za Intel za kizazi cha sita zilizomo kwenye G3. Ile iliyokuwa pale ilikuwa na Windows 11 iliyopachikwa kwa ujanja. Inafanya kazi, sikatai, ila Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na mtu anayetaka kuitumia miaka mitatu ya chuo hawezi kubahatisha hapo. Kizazi cha nane, ambacho ndicho kilichomo kwenye G5, kinakubalika.

Watu wengi wakishika laptopu ya mtumba wanakimbilia betri. Mimi naanza na kile ambacho fundi hawezi kukirekebisha kwa bei ya maana. Betri inabadilishwa, diski inabadilishwa, hata kioo kinabadilishwa. Mashine iliyofungwa na kampuni iliyokuwa ikiimiliki ni habari nyingine. Basi niliizima, nikaiwasha huku nabonyeza F10 ili niingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ingedai nywila ya msimamizi, tungeshukuru na kuondoka. Kwenye EliteBook nywila hiyo haifutiki kwa kuchomoa betri wala ile betri ndogo ya saa kama kompyuta za zamani. Kuitoa ni kazi ya kuchezea chipu ya ubao mama, na wanaoifanya kwa uhakika ni wachache. Hii ilifunguka bila kudai kitu.

Nikiwa humohumo nikasoma serial namba, kisha nikaigeuza mashine na kuilinganisha na ile ya stika ya chini. Zilifanana. Zisipofanana, ama ubao mama umebadilishwa ama mfuniko umetoka kwenye mashine nyingine, na hapo lazima muuzaji aeleze. Kwenye HP za kipindi hicho namba hiyo inatoa na umri: baada ya alama tatu za mwanzo, herufi kwa tarakimu, inakuja tarakimu ya mwaka, halafu mbili za wiki. Yetu ilianza na 5CG842, yaani wiki ya 42 ya mwaka 2018. Kibodi nayo ilikuwa na alama ya pauni juu ya tarakimu 3 na kitufe kirefu cha Enter, mpangilio wa Uingereza, na vitufe havikuwa na stika za kuficha herufi za lugha nyingine. Sifa ya kwanza ilikuwa kweli.

Sasa betri. Modeli hii hutoka kiwandani na betri ya ndani ya saa-wati 50 hivi. Nilifungua dirisha la amri nikaandika:

```
powercfg /batteryreport
```

Windows inatengeneza faili la `battery-report.html` na kukuonyesha ilipoliweka. Unalifungua kwa kivinjari. Hakuna programu ya kupakua wala intaneti inayohitajika, na muuzaji hana sababu ya kukukatalia. Mistari ya kutazama kwanza ni mitatu. `DESIGN CAPACITY`, uwezo wa betri ilipokuwa mpya, ilisoma karibu mWh 50,000, yaani zilezile saa-wati 50. `FULL CHARGE CAPACITY`, uwezo wake leo ikijaa, ilikuwa 31,400. `CYCLE COUNT` ilikuwa 412. Gawanya 31,400 kwa 50,000 unapata asilimia 63 kasoro kidogo. Ule mzunguko mmoja, kwa faida ya wanaouliza, si kuchomeka chaja mara moja. Ni kutumia jumla ya betri nzima, hata kama ni nusu leo na nusu kesho.

Kwa hiyo saa tano za muuzaji zinatoka wapi? Saa-wati 31.4 ukizigawa kwa saa tano, mashine inatakiwa kula wati 6.3 tu. Inawezekana, mwanga ukiwa umeshushwa sana na mtu anasoma PDF bila kufungua kitu kingine. Mwanafunzi mwenye kivinjari cha kurasa kumi na video ya mhadhiri hatumii hivyo. Tuliichomoa chaja ikiwa imejaa, tukaweka mwanga zaidi ya nusu, tukaanzisha video. Baada ya dakika 20 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 90. Asilimia kumi ya 31.4 ni saa-wati 3.1, kwa saa nzima ni wati 9.4. Saa tatu na dakika ishirini, basi.

Namba hizo zinategemea kipimo kilichomo ndani ya betri yenyewe, na kipimo hicho hupotoka. Betri iliyochoka inaweza kushuka vizuri kutoka mia hadi 40, halafu ghafla mashine ikazima. Ukijaribu dakika tano dukani huwezi kuliona hilo kamwe. Nikamwambia muuzaji, "Mdogo wangu, tunakwenda kula. Iache video iende, usiichomeke."

"Hamna shida, kaka."

Tulirudi baada ya saa moja na robo hivi. Ilikuwa asilimia 53, mahali ambapo hesabu ilitaka iwe. Lakini je, kama aliichomeka kidogo tulipoondoka? Niliandika amri ileile tena na kushuka hadi sehemu ya `Recent usage`. Pale kila tukio lina saa yake, na safu ya `SOURCE` inasema `AC` ikiwa ilikuwa kwenye umeme au `Battery` ikiwa ilikuwa kwenye betri. Tangu tulipoondoka ilikuwa `Battery` mwanzo hadi mwisho. Jamaa hakuigusa. Hilo nililihesabu upande wake, maana baadaye nililihitaji.

Kuna ripoti nyingine ambayo ingenitia wasiwasi kuliko hii ya asilimia 63. Mashine ya 2018 inayosema uwezo wa leo ni sawasawa na wa kiwandani, mizunguko sifuri au kistari tu, imewekewa betri mpya, na mara nyingi ni ya kuiga. Si dhambi kuwa na betri ya kuiga, ila usiilipie kama ya HP, na usiamini namba yake mpaka umeichosha. Na kabla ya namba zote, iweke mashine kwenye kaunta ya kioo na ubonyeze pembe zake. Ikibembea, au padi ya mausi imeinuka na kuwa ngumu kubonyea, betri imevimba. Hiyo usiichomeke hata kwa majaribio.

Kioo hakikuchukua muda. Picha nyeupe tupu kujaza skrini nzima, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, zote ninazo kwenye flashi. Kwenye nyeupe, upande wa kushoto chini, kulikuwa na doa jeupe zaidi ya weupe wenyewe, ukubwa wa punje ya kunde. Mpwa wangu hakuliona mpaka nilipomwonyesha, na baada ya hapo hakuona kitu kingine. Doa la namna hiyo ni la kugandamizwa: laptopu zinapangwa kwa rundo kwenye kontena bila kitu katikati, mfuniko unabonyea, na karatasi za kutawanya mwanga nyuma ya kioo zinashikana. Haliponi, ila kwa kawaida halikui kama mfuniko haugandamizwi tena. Mstari wa wima ungekuwa jambo jingine, na kioo kinachopepesa ukifungua na kufunga mfuniko polepole ni dalili ya waya wa kwenye bawaba uliochoka. Tulifungua na kufunga, hakikupepesa. Nilizima mashine nikamulika kioo kwa tochi ya simu kwa kuinamisha. Mikwaruzo ilikuwa miepesi, ya vitufe kugusana na kioo.

Kwa watakaotafuta modeli hii, baadhi zina kioo cha Sure View cha kuzuia jirani asisome. Kikiwa kimewashwa, ukikitazama ubavuni hakisomeki, na hata ukiwa mbele yake rangi zake ni za kufifia. Wengine hudhani ni kibovu. Si kibovu, ila mimi nisingekichagua kwa mtu anayetaka kuangalia kitu pamoja na wenzake.

Diski ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Nina CrystalDiskInfo, programu ya kusoma hali ya diski, kwenye flashi, toleo lisilohitaji kusakinishwa. Ilipofunguka ilionyesha `Good 100 %`, na muuzaji akatabasamu: "Unaona? Mia kwa mia."

Niliona. Niliona pia mistari miwili ya pembeni. `Power On Hours` ilisema 14. `Power On Count` ilisema 9. Jina la diski halikuwa la kampuni yoyote ninayoijua. Ziweke namba hizo karibu na za betri: mashine iliyotengenezwa 2018, betri imezunguka mara 412, halafu diski imewashwa saa kumi na nne katika maisha yake yote. Haiwezekani ikawa ndiyo iliyokuja nayo. Mtu ameifungua, tena juzijuzi.

Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingeniambia hilo. Mtu anayetazama betri tu angesema imechoka kidogo, na anayetazama diski tu angefurahi. Ndiyo maana huwa naandika namba zote kwenye karatasi moja, kwa sababu umri wa mashine unatakiwa uonekane kila mahali. Kwa kawaida laptopu ya ofisi ya umri huu ikiwa na diski yake ya asili inasoma maelfu ya saa, afya iko tisini na kitu au themanini na kitu, na hiyo ni diski nzuri kabisa ya kununua. Saa nyingi haziui SSD. Kinachonifanya niikatae ni `Media and Data Integrity Errors`, idadi ya makosa ya data, ikiwa si sifuri, au afya iliyoshuka chini ya nusu, au rangi ya njano na neno `Caution`.

Na ile mia kwa mia ya diski isiyo na jina? Asilimia hiyo hutolewa na diski yenyewe ikijipima. Diski za bei ya chini kabisa nyingine hazijui hata kujipima. Zitasema mia hadi siku zitakapokufa. Njia ya kuzijua ni kuzifanyisha kazi. Nilichukua faili la GB 8 nikalinakili ndani ya diski hiyohiyo, mara mbili, huku dirisha la kunakili likionyesha mchoro wa kasi. Faili la kwanza lilianza kwa kasi ya kuridhisha, zaidi ya MB 300 kwa sekunde. Katikati ya la pili mchoro ulianguka kama ngazi, ukakaa kwenye MB 30 na kitu, mara mbili ukagusa sifuri na mshale wa mausi ukaganda. Kushuka kwa kasi si ajabu kwa SSD za bei nafuu, kwani sehemu ya haraka ya kupokelea data ikijaa zinaanza kuandika moja kwa moja kwenye sehemu ya polepole. Kugusa sifuri na kugandisha mashine nzima ndiko nisikokubali, hasa kwa mtu ambaye tasnifu yake itakaa humo.

Nikamgeukia kijana. "Ulisema haijafunguliwa."

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Kaka, nikwambie ukweli. Zinakuja bila diski. Makampuni kule yanazitoa. Sisi tunaweka hapa."

Hilo linaingia akilini. Kampuni nyingi za Ulaya zikitupa kompyuta za zamani huzing'oa diski ili data zao zisitoke nje. Kwa hiyo tatizo halikuwa diski kubadilishwa, lilikuwa kuambiwa haikubadilishwa. Mpwa wangu alinivuta pembeni. "Mjomba, huyu mwongo. Twende kwingine."

Mimi sikuona hivyo. Kila mwenye laptopu za mtumba pale husema hazijafunguliwa, ni maneno ya biashara kama vile "bei ya mwisho". Ninachokitazama ni muuzaji anafanya nini namba zikimpinga. Wapo wanaopandisha sauti, wanaosema programu yako ni mbovu, wanaoanza kufunga laptopu ukiwa bado unaitazama. Huyu aliniacha nipime zaidi ya saa mbili, hakuichomeka tulipokwenda kula, na alipobanwa akajibu kwa maelezo yanayoendana na ushahidi. Nikamwambia mpwa wangu tumpe mtihani wa mwisho, wa karatasi.

Tulimtajia masharti. Diski aiondoe, aweke ya kampuni inayojulikana, tuifungue wote tukiwa pale. Risiti iwe ya EFD, na pembeni aandike kwa mkono modeli, serial namba, na kwamba tunaweza kuirudisha ndani ya siku saba kwa sababu tatu zilizotajwa: ikidai akaunti ya kampuni baada ya kusakinishwa Windows upya, ikizima ghafla betri ikiwa juu ya asilimia 15, au diski ikionyesha makosa. Waranti ya mdomo ya "miezi mitatu, kaka, duka halihami" haina kazi, kwa sababu haisemi waranti ya nini. Risiti yenye serial namba ina kazi nyingine pia: kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha uliinunua wapi na kwa nani.

Aliingia ndani kuongea na simu, akatoka amekubali. Nahisi alikuwa anamuuliza mwenye duka. Bei tuliijenga hivi: fundi jirani alitutajia 120,000 kwa betri nzuri na 160,000 kwa kioo. Hukati zote mbili, maana betri bado ina saa tatu na kioo kina doa tu. Tulianzia 580,000, tukakutana kwenye 630,000, diski nyingine ndani yake. Mpwa wangu alipoingiza lipa namba kwenye simu, nilimwambia asibonyeze siri kabla hajasoma jina. Lilikuwa jina la biashara, lilelile la kwenye risiti. Lingetokea jina la mtu binafsi tusiyemjua, tungesimama hapo kwanza, hata kama maelezo yake yangekuwa mazuri.

Ile sababu ya kwanza ya kurudisha inahitaji maneno mawili. Kampuni zinazotumia mfumo wa Windows Autopilot husajili mashine zake kwa Microsoft kwa alama ya vifaa vilivyomo ndani yake. Kampuni ikisahau kuifuta kwenye orodha, mashine inaweza kufanya kazi dukani bila tatizo, kwa sababu aliyesakinisha Windows aliisakinisha bila intaneti. Siku utakapoirudisha upya ukiwa umeunganishwa na mtandao, itakukaribisha kwa jina la kampuni ya kule na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Kuna njia za kulizunguka hilo, ila usajili unabaki, na unaweza kurudi kila unaposakinisha. Hilo halionekani kwenye BIOS, na dukani hakuna muda wa kusakinisha.

Kwa hiyo usiku huohuo tulisakinisha Windows 11 upya kwa flashi, tukaunganisha Wi-Fi ya simu palepale ilipoulizia, tukangoja. Iliuliza lugha, mpangilio wa kibodi, kisha ikauliza kama ni kompyuta ya mtu binafsi au ya kazi. Haikutaja kampuni yoyote. Tuliiacha kwenye betri kuanzia pale ilipokuwa imefikia, mpwa wangu akipakua vitu vyake. Ikashuka bila kuruka hadi 9, Windows ikaonya, tukachomeka. Diski mpya ilinakili lile faili la GB 8 mara tatu bila kugusa sifuri.

Doa la kioo bado lipo. Ameweka picha ya ukutani yenye rangi nyeusi.